Moja Inayomeza Tarakimu: Historia ya Kukokotoa log(1 + x) na e^x − 1 kwa x Ndogo Sana katika Programu za Kompyuta

Utangulizi

Mwaka 1982 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa kitabu cha mwongozo kwa watumiaji wa kikokotoo chake cha HP-15C. Katika kiambatisho cha kitabu hicho kinachohusu usahihi wa hesabu kuna kisa cha kubuni cha mshauri wa kisayansi aitwaye Susan. Shirika moja limekubali kumlipa senti moja ya dola kwa kila sekunde, usiku na mchana, mwaka mzima. Ili mlio wa senti zinazodondoka usimsumbue akili, kila senti inawekwa katika akaunti ya benki yenye riba ya asilimia 11.25 kwa mwaka, na riba hiyo inaongezwa kwenye akaunti kila sekunde. Mwisho wa mwaka Susan anachukua kikokotoo chake na kupata dola 376,877.67. Akaunti ya benki ina dola 333,783.35. Kitabu kinauliza kama Susan ana haki ya kudai tofauti ya dola 43,094.32.

Hana haki hiyo. Benki ndiyo iliyokokotoa sawasawa. Hata hivyo, fomula aliyoitumia Susan ni ile inayofundishwa katika kila kitabu cha hesabu za fedha, aliiingiza bila kukosea, na kikokotoo chake hakikuwa kibovu. Hakuna ujumbe wowote wa kosa uliojitokeza kwenye kioo. Kosa lilizaliwa katika hatua inayoonekana kuwa nyepesi kuliko zote, yaani kujumlisha moja na namba ndogo sana.

Makala hii inafuatilia historia ya hatua hiyo moja, tangu majedwali ya logi ya karne ya 17 hadi maktaba za programu zinazotumika leo, na inadai kwamba tatizo halikuwa kamwe udhaifu wa logi yenyewe. Kitendakazi cha logi kinaweza kuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho na bado jibu likawa upuuzi, kwa sababu habari iliyohitajika ilikwisha kufutwa kabla kitendakazi hakijaitwa. Ufumbuzi ulipatikana pale waundaji wa mashine na maktaba walipoacha kumtaka mtumiaji aiandike ile moja.

Mahali kosa linapozaliwa

Mwaka wa siku 365 una sekunde 31,536,000. Riba ya sekunde moja, iitwe i, ni 0.1125 iliyogawanywa kwa sekunde hizo, nayo ni 0.000000003567351598. Ikiwa n ni idadi ya sekunde, kiasi kitakachokusanyika ni hiki:

```
jumla = 0.01 * ((1 + i)^n - 1) / i
```

HP-15C hutunza tarakimu 10 kwa kila namba. Riba i ikiwa peke yake haina shida yoyote, kwa kuwa kikokotoo huhifadhi sufuri za mwanzo kama kipeo cha kumi na kubakiza tarakimu zote 10 zenye maana. Lakini mara inapojumlishwa na moja, sufuri zile zinageuka kuwa tarakimu halisi zinazochukua nafasi. Jibu linalostahili ni 1.000000003567351598. Katika tarakimu 10 linakadiriwa kuwa 1.000000004. Kati ya tarakimu 10 za riba imebaki moja tu, nayo imekadiriwa kwenda juu.

Kuanzia hapo kikokotoo kinatenda kwa uaminifu kamili, ila kinashughulikia akaunti nyingine. Riba ya 0.000000004 kwa sekunde ni sawa na asilimia 12.6144 kwa mwaka badala ya 11.25. Ukuaji wa akaunti hiyo ya kufikirika kwa mwaka mzima ni 0.134446, na ukizidishwa kwa 0.01 kisha kugawanywa kwa i ya kweli, unatoa zile dola 376,877.67. Jambo moja hapa linafaa kukumbukwa, maana litarejea. Kama Susan angegawanya kwa 0.000000004, yaani kwa riba ile ile iliyokwisha kuharibika, angepata takriban dola 336,114. Kosa lingeshuka kutoka dola elfu 43 na ushei hadi dola elfu mbili na mia tatu hivi. Namba mbaya iliyotumika pande zote mbili za mgawanyo ilitoa jibu bora kuliko namba mbaya upande mmoja na namba nzuri upande wa pili.

Kwa e^x − 1 mambo huenda kinyumenyume. Pale x inapokuwa ndogo, e^x ni moja ikifuatwa na sufuri nyingi, kisha tarakimu za x. Tarakimu zisizopata nafasi zinakatwa, na kosa hilo halionekani kwa kuwa likilinganishwa na moja ni dogo mno. Kutoa moja ndiko kunakolifichua, kwa sababu sehemu kubwa iliyo sahihi imeondolewa na mabaki ndiyo yamekuwa jibu lote. Katika lugha ya Python, ambayo hutumia namba zenye takriban tarakimu 16, exp(1e-5) - 1 hutoa 1.0000050000069649e-05, ilhali jibu sahihi ni 1.0000050000166668e-05. Tarakimu 11 za kwanza zinakubaliana. Zilizosalia ni takataka zenye sura ya tarakimu.

Inaweza kusemwa kwamba tarakimu 16 zinatosha kumwokoa Susan. Ni kweli: kwa namba hizo kosa lake halizidi senti moja hivi. Lakini hilo ni kusogeza mpaka, si kuuondoa. Katika namba hizo hizo, log(1 + 1e-15) hutoa 1.11e-15, kosa la asilimia 11, na log(1 + 1e-16) hutoa sufuri kamili.

Henry Briggs na mzizi wa 54

Mtu aliyekutana na tatizo hili kwa ukubwa wake wote, tena kwa kalamu na karatasi, ni Henry Briggs wa Uingereza. John Napier alitangaza logi zake mwaka 1614. Briggs alipendekeza logi zenye msingi wa kumi, akachukua jukumu la kuzikokotoa, na mwaka 1624 alichapisha Arithmetica Logarithmica, kitabu chenye logi za namba 30,000 kwa tarakimu 14 za desimali.

Njia yake ilikuwa kutafuta kipeuo cha pili cha 10, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo, na kuendelea hivyo mara 54. Kila hatua inapunguza logi kwa nusu, kwa hiyo logi ya kipeuo cha 54 inajulikana bila kazi ya ziada: ni 1 iliyogawanywa kwa 2 mara 54, yaani takriban 5.5511 × 10^−17. Namba yenyewe iliyopatikana ni hii:

```
1.00000000000000012781914932003235...
```

Hapa Briggs aliona jambo ambalo ndilo kiini cha historia hii. Kadiri vipeuo vilivyoikaribia moja, sehemu iliyozidi moja ilipungua kwa nusu katika kila hatua, sawasawa na logi yake. Kwa hiyo kwa namba zilizo karibu sana na moja, logi inalingana kwa uwiano na ile ziada, na uwiano huo ni 0.4342944819. Ili kupata logi ya namba nyingine yoyote, alishusha namba hiyo kwa vipeuo hadi karibu na moja, akatwaa ziada yake, akaizidisha kwa uwiano, kisha akarudisha mara mbili kwa idadi ya hatua alizoshuka.

Gharama ilikuwa tarakimu. Sufuri 15 zinazofuata nukta ya desimali hazibebi habari yoyote, lakini katika kutafuta kipeuo kwa njia ya kawaida ilibidi ziandikwe na kushughulikiwa. Ndiyo maana Briggs alilazimika kufanya kazi kwa desimali zaidi ya 30 ili apate majedwali ya desimali 14. Naye hakuridhika na hali hiyo. Alibuni njia ya tofauti, ambamo ziada ya kipeuo kinachofuata inapatikana kutokana na nusu ya ziada iliyotangulia na masahihisho madogo, bila kuirudia hesabu yote. Kwa maneno mengine, aliiacha moja pembeni na kushughulika na ziada peke yake. Nicolaus Mercator alipochapisha mwaka 1668 mfululizo wa log(1 + x), yaani x − x²/2 + x³/3 na kuendelea, wazo hilo lilipata fomula inayoanza na x yenyewe. Ile moja imo katika jina la fomula, lakini haimo katika hesabu.

Inafaa kuiweka namba ya Briggs mbele ya kompyuta ya leo. Namba za kawaida za kompyuta zina biti 53 za tarakimu zenye maana, na juu tu ya moja zinapishana kwa 2.22 × 10^−16. Ziada ya Briggs, 1.278 × 10^−16, inazidi kidogo nusu ya pengo hilo, kwa hiyo inasukumwa juu hadi namba inayofuata. Kompyuta ikiombwa logi ya msingi wa kumi ya jumla hiyo, inajibu 9.643 × 10^−17 badala ya 5.551 × 10^−17. Hilo ni kosa la takriban asilimia 74, na linatolewa na mashine ambayo kwa kila kigezo kingine ingemwacha Briggs mbali sana. Logi iliyotolewa ni sahihi kwa namba iliyopokelewa. Namba iliyopokelewa siyo ya Briggs.

Vikokotoo, chipu na majina mapya

Wazo la kuacha moja pembeni lilijulikana kwa wakokotoaji wa majedwali, lakini vitendakazi vilivyozoeleka katika kompyuta vilikuwa log na exp tu. Aliyehitaji zaidi ya hapo alijitungia mfululizo wake. Hali hiyo ilianza kubadilika vikokotoo vya mkononi vilipoingia mikononi mwa watu wasiokuwa wanahisabati, wakiwamo mabenki na wauzaji wa bima, ambao swali lao la kila siku lilikuwa riba ndogo kwa vipindi vingi.

Kikokotoo cha HP-41C cha mwaka 1979 kilikuwa na vitendakazi viwili vilivyoandikwa LN1+X na E↑X-1. Mtumiaji alitoa x tupu, na kujumlisha au kutoa moja kulifanyika ndani, mahali ambapo mtengenezaji angeweza kukuepuka. Mwaka 1980 Intel ilitangaza chipu ya 8087, msaidizi wa hesabu kwa kompyuta ndogo, nayo ilikuwa na amri FYL2XP1 na F2XM1. Ya kwanza inakokotoa logi ya msingi wa mbili ya 1 + x, ikazidishwa kwa y. Ya pili inakokotoa 2^x − 1. William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyekuja kupewa Tuzo ya Turing mwaka 1989, alikuwa mshauri wa kampuni zote mbili. Si ajabu kwamba dawa ile ile ilijitokeza pande zote mbili katika miaka ile ile.

Majina, hata hivyo, yalitawanyika. Mwongozo wa Unix wa Berkeley unaeleza kwamba vitendakazi hivi vinaitwa expm1 na logp1 katika lugha ya BASIC ya HP-71B, EXP1 na LN1 katika Pascal ya Macintosh, na exp1 na log1 katika C ya mashine hiyo hiyo. Mwongozo huo unataja pia sababu ya kuwepo kwake bila kuficha: kuhakikisha kwamba hesabu za fedha za aina ya ((1+x)^n − 1)/x zinakuwa sahihi x inapokuwa ndogo mno, kwa kuziandika upya kama expm1(n*log1p(x))/x. Fomula ya Susan ikiandikwa hivyo inatoa dola 333,783.35.

Mistari mitatu ya HP-15C

HP-15C yenyewe haikuwa na vitendakazi hivyo viwili. Kitabu chake cha mwongozo kilitoa badala yake hila fupi, na hila hiyo ndiyo sehemu ya historia hii inayostahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa kwa mtazamo wa kwanza inaonekana kama haiwezi kufanya kazi. Katika lugha ya C huandikwa hivi:

```c
u = 1.0 + x;
if (u == 1.0) return x;
return log(u) * (x / (u - 1.0));
```

Mstari wa kwanza unatenda lile lile kosa lililomponza Susan. Tarakimu za x zinapotea ndani ya u, na mistari inayofuata haizirejeshi. Hila ni kwamba haihitajiki kuzirejesha. Iitwe d ile ziada iliyobaki, yaani u − 1. Utoaji huu hauongezi kosa jipya, kwa kuwa namba mbili zilizokaribiana hivyo hutolewa kikamilifu. Sasa log(u) iliyogawanywa kwa d ni uwiano ule ule alioutazama Briggs, na uwiano huo unabadilika polepole mno: karibu na sufuri ni takriban 1 − d/2. Kama d inatofautiana na x kwa asilimia 74, uwiano unabadilika kwa kiasi kisichoonekana hata katika tarakimu ya 15. Kwa hiyo uwiano unakokotolewa mahali pasipo penyewe, ila karibu vya kutosha, kisha unazidishwa kwa x halisi, ambayo muda wote huu ilikuwa imehifadhiwa nzima.

Namba ya Briggs inaonyesha jambo hili vizuri. Hapo d ni 2.220446 × 10^−16, na log(u) nayo ni 2.220446 × 10^−16. Zote mbili si sahihi, lakini zimekosea pamoja. Zikigawanywa zinatoa moja kwa ukaribu wa tarakimu ya 16, na jibu linakuwa x yenyewe, kama inavyotakiwa. Ni jambo lile lile lililoonekana pale Susan alipogawanya kwa riba iliyoharibika. Mwaka 1991 David Goldberg, katika makala yake mashuhuri kuhusu hesabu za nukta inayoelea, alitoa uthibitisho kwamba kosa la fomula hii kwa x kati ya 0 na robo tatu halizidi mara tano ya kosa la kukadiria la mashine, mradi logi ya mashine iwe sahihi na utoaji ufanyike kwa tarakimu moja ya akiba.

Kwa e^x − 1 kuna hila dada yake, inayohusishwa na Kahan: u inakuwa e^x, na jibu ni (u − 1) ikizidishwa kwa x na kugawanywa kwa log(u). Hapa pia kosa la u linaingia juu na chini ya mgawanyo, na linafutika.

Pale kompaila inapojua hisabati kupita kiasi

Udhaifu wa mistari hii mitatu hauko katika hisabati yake. Uko katika ukweli kwamba inategemea mashine kutenda makosa yake hasa kama ilivyoandikwa. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, inaweza kuona kwamba u − 1 ni (1 + x) − 1, na kwa hesabu za shuleni hiyo ni x. Ikiruhusiwa kurahisisha, kama inavyoruhusiwa na chaguo la -ffast-math katika kompaila ya GCC, inaweza kubadilisha x / (u − 1) kuwa 1, na kinachosalia ni log(u) peke yake. Kinga imeondolewa, na programu inaendelea kufanya kazi kwa mwendo wa kasi zaidi kuliko awali.

Njia ya pili ya kuharibika ni ya hila zaidi, nayo ilitokana na 8087 na vizazi vyake. Chipu hizo hufanya hesabu za ndani kwa biti 64 za tarakimu zenye maana, hata kama namba zinahifadhiwa kwa biti 53. Inawezekana basi u ikatwe hadi biti 53 inapopelekwa kwenye log, huku nakala yake ndefu ikitumika katika utoaji. Kwa namba ya Briggs, log(u) ingetoa 2.22 × 10^−16, ilhali d ingekuwa karibu sana na 1.278 × 10^−16 ya kweli. Mgawanyo wa x kwa d ungekuwa takriban moja, na kosa la asilimia 74 lingerudi lote. Usahihi wa ziada katika sehemu moja tu ya fomula umeibomoa fomula nzima. Ni mojawapo ya nafasi chache katika taaluma hii ambapo kuboresha hatua moja kunaharibu jibu.

Kosa la aina hii halijitangazi, lakini kulipima ni rahisi. Inatosha kuipa programu x = 1e-15 na kutazama kama inarudisha 1e-15 kwa ukaribu wa tarakimu ya mwisho au 1.11e-15. Jaribio linapaswa kufanywa kwenye programu iliyokwisha kupitia kompaila kwa machaguo yale yale yatakayotumika kazini, kwa kuwa msimbo ule ule unaweza kufaulu kwa chaguo moja na kufeli kwa jingine.

Kutoka Berkeley hadi viwango vya kimataifa

Kutokana na udhaifu huo, waandishi wa maktaba walitafuta njia isiyotegemea makosa kufutana. Vitendakazi log1p na expm1 viliingia katika maktaba ya hesabu ya mfumo wa 4.3BSD wa Berkeley, uliotolewa mwaka 1986, vikiwa vimeandikwa na K. C. Ng. Ng huyo huyo baadaye akiwa Sun Microsystems aliandika vile vya fdlibm, maktaba iliyotolewa bure mwaka 1993 na ambayo msimbo wake umenakiliwa katika mifumo mingi mno.

Katika fdlibm, log1p inaanza kwa kuuliza x ni ndogo kiasi gani. Ikiwa chini ya 2^−54, inarudishwa x kama ilivyo. Ikiwa chini ya 2^−29, inarudishwa x − x²/2, yaani hatua mbili za kwanza za Mercator, kwa sababu hatua ya tatu haifikii tena tarakimu ya mwisho. (Kwamba 54 ni pia idadi ya vipeuo vya Briggs ni sadfa, ingawa ya kupendeza.) Kwa x kubwa zaidi lakini bado karibu na sufuri, hesabu inaendeshwa kwa x yenyewe, na moja haijumlishwi kamwe. Inapobidi kujumlisha, maktaba inakokotoa u = 1 + x, kisha inakokotoa kilichokatwa, c, na kuongeza c/u mwishoni kama sahihisho. Kile ambacho kikokotoo cha Susan kilikitupa, hapa kinaokotwa na kurudishwa. Kosa la jumla linabaki chini ya kizio kimoja cha tarakimu ya mwisho. Ng hakuisahau ile hila ya zamani: katika maelezo ya msimbo huo aliiandika mistari yake na kumwelekeza msomaji kwenye kitabu cha HP-15C, ukurasa wa 193.

Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985 kilikuwa kimesimamia kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili, lakini hakikugusa logi. Ilikuwa kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1999 kilichovifanya log1p na expm1 kuwa sehemu ya lazima ya maktaba yake. Java ilivipokea mwaka 2004, Python ilipata log1p mwaka 2008 na expm1 mwaka 2010, na JavaScript ilivipata vyote viwili katika toleo la 2015. IEEE 754 ya mwaka 2008 ilivipendekeza, ila kimoja ikakiita logp1, kwa mpangilio wa HP-71B na si wa C. Mtafiti anayetafuta jina moja katika nyaraka za lugha fulani na kulikosa anashauriwa alijaribu na lile la pili.

Mahali ambapo vitendakazi hivi havisaidii

Matumizi yake hayakomei kwenye riba. Mshauri wa sera anayetaka kujua uwezekano wa tukio adimu kutokea angalau mara moja hutumia fomula 1 − (1 − p)^n. Tuseme uwezekano wa kasoro katika muamala mmoja ni 1 kati ya 100,000,000, na miamala ni 10,000,000. Katika namba fupi za takriban tarakimu 7, ambazo hutumika sana pale kumbukumbu ya mashine inapobanwa, 1 − p inakadiriwa kuwa moja kamili, na fomula inajibu kwamba uwezekano ni sufuri. Jibu la kweli ni takriban asilimia 9.5, nalo linapatikana katika namba hizo hizo fupi kwa kuandika:

```c
-expm1f(n * log1pf(-p))
```

Ripoti yenye sufuri hiyo ingepita mezani bila kuulizwa, kwa kuwa sufuri kwa tukio adimu inaaminika upesi.

Mpaka wa mwisho hauko ndani ya maktaba yoyote. log1p inaokoa tarakimu za x ikiwa x ilifika ikiwa nzima. Takwimu nyingi za uchumi, hata hivyo, huhifadhiwa kama kizidisho: ukuaji wa siku huandikwa 1.000082, kwa desimali sita, na baadaye mchambuzi hutoa moja ili apate 0.000082. Utoaji huo ni kamili, na log1p itaupokea na kuukokotoa hadi tarakimu ya 16. Lakini tarakimu zenye maana zilizobaki ni mbili tu, na zilizopungua zilipotea siku namba ilipoandikwa kwenye jedwali. Msimamizi wa takwimu anayehifadhi safu ya ukuaji wenyewe, 0.00008214 kwa mfano, anatumia tarakimu zile zile chache na kubakiza nne. Mwenye jedwali la vizidisho tayari hana budi kurudi kwenye daftari lililotangulia jedwali hilo, kama bado lipo.